Slaidi za mkutano mkuu wa mwaka wa shirika dogo la hisani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo ambayo makatibu na wahazini wa mashirika madogo huuliza kila Januari, mkutano mkuu unapokaribia. Ili tarakimu zifuatane, mfano mmoja wa kubuni unatumika kuanzia mwanzo hadi mwisho: shirika la Tanzania linaloweka matangi ya kuvuna maji ya mvua katika shule za msingi, lenye mfadhili mmoja wa Ulaya, wanachama wanaolipa ada, na harambee moja kwa mwaka. Mwaka wake wa fedha huishia tarehe 31 Desemba.

## Kabla ya kufungua kompyuta

Slaidi ziwe ngapi?

Anza na dakika, siyo slaidi. Ajenda ya mkutano mkuu huwa na kufungua, akidi, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya mwaka, fedha, uchaguzi kama mwaka wake umefika, na mengineyo. Taarifa na fedha kwa pamoja zikipata dakika 40, tenga 15 za maswali. Zinabaki 25, na hizo zinabeba slaidi 10 hadi 12. Slaidi ya fedha peke yake inahitaji dakika nne au tano, kwa sababu watu wanasoma tarakimu huku wakikusikiliza.

Mgawanyo unaofaa kwa shirika la mfano wetu: moja ya jina na tarehe, moja ya ahadi za mwaka jana, tatu za matokeo, tatu za fedha, mbili za shukrani, moja ya mwaka ujao. Jumla 11.

Je, slaidi zinatosha badala ya taarifa ya mwaka?

Hazitoshi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inalitaka shirika liandae taarifa ya shughuli zake na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Hizo ni nyaraka za maandishi, zenye saini. Slaidi ni njia ya kuwapitisha wanachama ndani ya nyaraka hizo, basi.

Kwa hiyo kila tarakimu kwenye slaidi iwe na ukurasa wake katika taarifa. Andika namba ya ukurasa kwa herufi ndogo kwenye kona ya chini: "Taarifa, uk. 7". Mjumbe akiuliza "hii mmeitoa wapi?", jibu liko mbele yake na mkutano unaendelea.

Tupange mambo kwa utaratibu gani?

Anza na ahadi za mwaka jana. Chukua muhtasari wa mkutano uliopita, tafuta kila sentensi inayosema "bodi itafanya" au "iliazimiwa", uziweke kwenye slaidi moja na hali yake: imefanyika, inaendelea, haijaanza. Mashirika mengi huruka hatua hii na kukimbilia picha. Kisha mzee mmoja wa nyuma anasimama na muhtasari wa mwaka jana mkononi, na nusu saa inapotea.

Baada ya ahadi yafuate matokeo, fedha, shukrani, na mwaka ujao mwishoni. Shukrani zikae baada ya fedha kwa makusudi: mfadhili anayeshukuriwa akiwa tayari ameona shilingi yake ilikwenda wapi anaipokea shukrani tofauti na yule anayesifiwa mlangoni. Lakini usiweke shukrani na ombi la mchango mpya kwenye slaidi moja. Watu watasoma ombi tu.

## Matokeo

Tuseme tumeweka matangi sita, au tuseme maji yamepatikana?

Sema vyote viwili, ila usivichanganye. Tangi ni zao la kazi: ulinunua, ukajenga msingi, ukafunga mifereji ya paa. Matokeo ni kilichobadilika shuleni kwa sababu ya tangi hilo, na kinahitaji kipimo chake.

Kwa matangi, vipimo viwili vinatosha kwa mkutano. Cha kwanza ni kama tangi linafanya kazi leo. Mtu aende au apige simu kila shule wiki mbili kabla ya mkutano, aulize kama kuna maji, kama koki inafunga, kama mifereji imeshikilia. Cha pili ni wiki ngapi za kiangazi maji yalidumu. Slaidi ya mfano wetu inasema: "Matangi 6 ya lita 10,000 yamewekwa. 5 yanafanya kazi. 1 halijazi kwa sababu mfereji wa paa umeng'oka. Fundi anarudi Aprili." Sentensi hiyo ya tangi moja bovu ndiyo inayowafanya wasikilizaji wayaamini yale matano.

Usitumie uwezo wa tangi kana kwamba ni maji yaliyotumika. Paa la mita 20 kwa 10 lina mita za mraba 200. Mahali panaponyesha milimita 600 kwa mwaka, ukikata asilimia 20 kwa maji yanayomwagika na kukauka, hukusanya takriban lita 96,000. Lakini tangi ni la lita 10,000, na mvua kubwa ikija likiwa limejaa, ziada inamwagika. Kati ya lita 10,000 na 96,000 kuna nafasi kubwa ya kudanganya bila kukusudia. Kama shule haikuweka kumbukumbu ya matumizi, baki na wiki ambazo maji yalidumu.

Tulipanga matangi manane tukaweka sita. Tufiche?

Weka safu mbili, "Lengo" na "Tulichofanya", na chini yake sababu moja ya kweli kwa maneno machache. Katika mfano wetu shule mbili zilikuwa na mapaa yaliyooza kwenye kenchi, yasingebeba mifereji. Fedha zake zipo, na utaziona kwenye swali la salio. Bila sababu hiyo, msikilizaji atajijazia mwenyewe, na ataanzia kwenye pesa.

Wanufaika tuwahesabu vipi?

Hapa ndipo tarakimu huvimba. Shule sita zina wanafunzi 2,940 kwa daftari la mahudhurio. Wanafunzi 410 kati yao walihudhuria pia mafunzo ya usafi. Wanufaika ni 2,940, siyo 3,350, kwa sababu wale 410 wamo tayari ndani ya hesabu ya kwanza. Andika hivi: "Wanafunzi 2,940 katika shule 6, kati yao 410 walipata mafunzo." Maneno "kati yao" yanamaliza ubishi.

Andika pia tarehe ya daftari. Idadi ya Januari na ya Oktoba katika shule moja hutofautiana, na mwalimu mkuu aliyealikwa ataijua ya shule yake.

Picha za watoto tunaruhusiwa kuweka?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mtoto pia, na idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Ruhusa ya mwalimu mkuu haitoshi kama uso unaonekana. Pata idhini ya maandishi inayotaja matumizi: mkutano, taarifa iliyochapwa, mtandao. Mzazi aliyekubali picha ya ukumbini hajakubali ya mtandaoni.

Njia rahisi ni kupiga picha ya kazi: mikono kwenye koki, mstari wa ndoo, tangi na mfereji wake. Picha mbili kubwa zinazojaza slaidi zinashinda kumi ndogo. Na mpiga picha akizituma kwa WhatsApp, mwambie azitume kama hati, siyo kama picha. Vinginevyo hupunguzwa ubora, na kwenye kioo cha ukumbi zitaonekana kama zimetazamwa kupitia chandarua.

## Fedha

Slaidi kuu ya fedha iwe na nini?

Iwe na safari moja: tulianza na kiasi gani, kikaingia kiasi gani, kikatoka kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Mistari isizidi kumi na miwili. Hii ndiyo ya shirika la mfano:

| Maelezo | Shilingi |
|---|---:|
| Salio la kuanzia, 1 Januari | 6,400,000 |
| Mfadhili wa Ulaya | 42,000,000 |
| Harambee | 11,500,000 |
| Ada za wanachama | 2,600,000 |
| Jumla ya mapato | 56,100,000 |
| Matangi | 31,200,000 |
| Mafunzo ya usafi | 5,300,000 |
| Utawala | 9,200,000 |
| Gharama za harambee | 1,900,000 |
| Jumla ya matumizi | 47,600,000 |
| Salio la mwisho, 31 Desemba | 14,900,000 |

Angalia kwamba harambee imeandikwa kwa ukamilifu wake, milioni 11.5, na gharama zake zimesimama peke yake kwenye matumizi. Kuandika milioni 9.6 "baada ya kutoa gharama" kunaficha kwamba ukumbi na chakula vilikula karibu shilingi milioni mbili. Mchangiaji aliyekula chakula hicho atauliza.

Salio la kuanzia lazima lifanane, shilingi kwa shilingi, na salio la mwisho la slaidi za mwaka jana. Fungua faili la mwaka jana ulinganishe kabla ya kitu kingine. Kama mkaguzi alirekebisha baada ya mkutano ule, andika mstari wa marekebisho, usibadilishe kimyakimya.

Mbona mna milioni 14.9 benki na bado mnaomba michango?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na slaidi moja nzima iliyotengwa kwa ajili yake ni matumizi mazuri ya muda. Jibu ni kwamba salio lina fedha za aina mbili: zenye masharti, ambazo mfadhili alisema zifanye kazi fulani tu, na fedha huru, ambazo bodi inaweza kuzipangia.

Katika mfano wetu, milioni 42 za mfadhili zilikuwa na masharti. Zilitumika hivi: matangi 26,400,000, mafunzo 4,000,000, utawala 1,800,000. Jumla 32,200,000. Zimebaki 9,800,000, na kazi zake zinajulikana: matangi mawili yaliyochelewa, kila moja likipata milioni 4.4 kutoka kwa mfadhili, na milioni moja ya mafunzo yanayoambatana nayo.

Fedha huru zilianza na 6,400,000. Harambee na ada zikaleta 14,100,000. Zikatumika 15,400,000. Zimebaki 5,100,000. Kwa hiyo salio lote lilipanda kutoka milioni 6.4 hadi 14.9, huku fedha huru zikishuka kutoka milioni 6.4 hadi 5.1. Anayeona mstari wa mwisho tu anadhani shirika limenona. Kumbe fedha lililo na uhuru nazo zimepungua kwa milioni 1.3.

Bado kuna kitu kimoja. Kila tangi linagharimu milioni 5.2, na mfadhili hutoa 4.4 tu. Laki nane inayobaki hutoka fedha huru. Matangi mawili yanayosubiri yatachukua milioni 1.6 kwenye zile 5.1, zibaki 3.5. Sasa, utawala uligharimu milioni 9.2 kwa mwaka na mfadhili alibeba 1.8 tu, milioni 7.4 zilitoka fedha huru, yaani kama laki sita na elfu kumi na saba kwa mwezi. Milioni 3.5 zinaendesha ofisi kwa miezi mitano na nusu hivi. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iandikwe kwa herufi kubwa kwenye slaidi. Hesabu zilizotangulia msemaji azieleze kwa mdomo.

Salio kwenye slaidi halilingani na taarifa ya benki. Tumekosea?

Pengine hapana. Taarifa ya benki ya shirika la mfano inaonesha 15,650,000 tarehe 31 Desemba. Kuna hundi ya 900,000 aliyopewa fundi tarehe 29, hajaipeleka benki. Kuna pia 150,000 taslimu kwenye kisanduku cha ofisi, ambazo benki haizijui.

```
15,650,000 - 900,000 + 150,000 = 14,900,000
```

Weka ulinganisho huu kwenye slaidi ya akiba (tazama swali la slaidi za akiba chini). Ila kama tofauti ni kiasi usichoweza kukitaja jina, hapo kweli kuna kosa, na mkutano usifike kabla halijapatikana. Anza kwa kuigawa tofauti kwa mbili: mara nyingi ni malipo yaliyoandikwa upande wa mapato. Kisha jaribu kuigawa kwa tisa. Ikigawanyika bila kubaki, huenda tarakimu mbili zilizojirani zimepinduliwa, mfano 540,000 badala ya 450,000.

Asilimia ya utawala tuioneshe? Yetu ni 19.

Ioneshe, na useme imehesabiwaje. Milioni 9.2 kwa 47.6 ni asilimia 19.3. Kisha taja kilichomo: kodi ya ofisi, posho ya mhasibu, ukaguzi wa hesabu, simu na intaneti. Shirika dogo litakuwa na asilimia kubwa kuliko shirika kubwa kwa sababu ada ya mkaguzi haipungui kwa kuwa una matangi sita badala ya sitini.

Kinacholeta matatizo ni kuhamisha gharama ili asilimia ipendeze. Mafuta ya pikipiki ya kwenda kukagua tangi ni gharama ya matangi. Ya kwenda benki ni ya utawala. Amua kanuni, iandike kwenye taarifa, uitumie ileile mwaka ujao. Ukiibadilisha, mwaka huu na uliopita havilinganishiki, na lazima useme hivyo.

Jumla ya asilimia inakuja 99.9. Tuongeze ile 0.1?

Usiongeze. Kwa desimali moja, matumizi yetu ni 65.5, 11.1, 19.3 na 4.0, na yanajumlika 99.9 kwa sababu ya kukadiria tu. Ukiondoa desimali unapata 66, 11, 19 na 4, na jumla ni 100. Kwenye ukumbi, tumia namba nzima. Zikigoma kujumlika hata hivyo, andika chini: "Asilimia zimekadiriwa."

Mfadhili alituma yuro. Tuandike sarafu gani?

Hesabu ziwe za shilingi. Kwa mfadhili aliyepo ukumbini, ongeza mstari mmoja: "Yuro 15,000, zilizopokelewa kwa shilingi 2,800 kwa yuro moja." Kiwango ni kile benki ilichotumia siku ile fedha zilipoingia, kama kilivyo kwenye karatasi ya benki. Usitumie cha siku ya mkutano wala cha mtandaoni. Makato ya benki ya kupokea yakiwapo, yaandikwe kama matumizi. Mapato yabaki kamili.

Tulipewa saruji mifuko 60. Iingie kwenye jedwali?

Saruji ni mchango wa vitu. Ukiithamini kwa 17,000 kwa mfuko unapata 1,020,000. Ukiiweka kwenye mapato peke yake, salio la mwisho litazidi kwa kiasi hichohicho, na hiyo ni dalili ya haraka ya kosa hili. Ama uiingize pande zote mbili, mapato na gharama za matangi, ama uiache nje ya jedwali la fedha uitaje chini yake. Kwa shirika dogo njia ya pili inaeleweka upesi zaidi. Muulize mkaguzi amefanya ipi kwenye hesabu zake ili msipishane.

Mkaguzi hajamaliza. Tuahirishe mkutano?

Soma katiba yenu kwanza. Kama inasema mkutano mkuu hupokea hesabu zilizokaguliwa, basi bila hizo hakuna cha kupokea, na ni bora kusogeza tarehe. Kama katiba inaruhusu, onesha hesabu zenye maneno "HAZIJAKAGULIWA" kwenye kila slaidi ya fedha, siyo ya kwanza pekee, kwa sababu watu hupiga picha slaidi moja kwa simu na kuituma. Kwenye muhtasari iandikwe kwamba wanachama wamesikia taarifa, siyo kwamba wameidhinisha.

Chati gani inafaa?

Kwa matumizi, pau za kulala zilizopangwa kutoka kubwa hadi ndogo, kila moja na tarakimu yake mwishoni. Chati ya duara huwalazimisha watu kulinganisha pembe, na vipande vya 11 na 19 kwa mbali havitofautiani sana. Pau za kulinganisha miaka zianzie sifuri. Zikianzia milioni 40, tofauti ndogo huonekana kama mlima.

## Shukrani

Majina ya wafadhili tuyapange vipi?

Yapangeni kwa aina ya mchango, kisha kwa alfabeti: waliochangia fedha, waliotoa vitu, waliojitolea muda. Kupanga kwa kiasi kunamweka mama aliyetoa elfu kumi chini kabisa, kila mwaka, mbele ya majirani zake. Kama makubaliano na mfadhili mkubwa yanataka nembo yake ionekane, ipate slaidi yake kwa masharti yaliyoandikwa, nembo moja, bila kunyooshwa kwa upana.

Majina 30 kwa slaidi moja kwa safu mbili yanasomeka. Yakiwa 80, weka "Wachangiaji 80 wa harambee" kwenye slaidi na orodha kamili ibandikwe ukutani mlangoni.

Kila jina lilinganishwe na stakabadhi, siyo na kumbukumbu ya katibu. Jina lililorukwa linauma kuliko hotuba yoyote inavyofurahisha. Muamala wa simu mara nyingi huja na jina la mwenye laini, si la mchangiaji: mtoto ametuma kwa niaba ya baba. Piga simu uulize. Vyeo navyo viulizwe kwa wenyewe: Alhaji, Mchungaji, Dokta, Mwalimu. Aliyefariki ndani ya mwaka aandikwe Marehemu, baada ya familia kuambiwa kwamba jina litaoneshwa.

Kuna anayetaka jina lake lisionekane.

Aandikwe "Mchangiaji asiyetaka kutajwa", na hakikisha hatambuliki kwa njia nyingine. Kama alitoa peke yake saruji yote na slaidi ya matokeo inataja saruji na kijiji, kila mtu amekwisha kumjua. Sharti hili liandikwe kwenye daftari la stakabadhi siku ileile anapotoa, kwa kuwa anayetengeneza slaidi Februari si yule aliyepokea Juni.

Maneno ya shukrani yaweje?

Yataje kitu. "Asanteni kwa moyo wenu" ni sawa kwa mdomo. Kwenye slaidi andika: "Harambee yenu ililipa milioni 4.8 za matangi sita: laki nane kwa kila tangi, ambazo mfadhili hakuzitoa." Kabla ya kuandika hivyo, kagua kwamba ni kweli. Hapa milioni 4.8 zilitoka fedha huru, ambazo zina ada na salio la nyuma pia. Harambee ilikuwa 11.5, kwa hiyo inatosha kuzibeba. Lakini usije ukaahidi tangi lilelile kwa wafadhili wawili, kila mmoja akidhani alilinunua lote.

## Siku yenyewe

Maandishi yawe ukubwa gani?

Pointi 28 kwenda juu kwa sentensi, 24 kwa jedwali, na usishuke chini ya hapo isipokuwa namba ya ukurasa. Ukumbi wenye madirisha makubwa na mapazia mepesi huua rangi hafifu: manjano na kijani kibichi juu ya nyeupe hupotea saa nne asubuhi. Tumia maandishi meusi juu ya nyeupe. Kipimo cha haraka: fungua slaidi kwenye laptopu, rudi nyuma hatua tano. Usichosoma hapo, wa mstari wa mwisho hatakisoma.

Tubebe nini?

Faili liwe kwenye laptopu na kwenye flashi, na nakala yake ya PDF. PDF haibadilishi fonti, wakati PowerPoint ya kompyuta nyingine ikikosa fonti yako huweka nyingine na jedwali linamwagika nje ya fremu. Projekta za zamani zina tundu la VGA na laptopu mpya zina HDMI au USB-C pekee. Beba kiunganishi, na kijaribu siku moja kabla, kwenye ukumbi wenyewe.

Umeme ukikatika, kinachookoa ni karatasi. Chapa slaidi tatu za fedha pekee, nakala moja kwa watu wawili. Ziwe na namba za slaidi ili msemaji aseme "tazameni ya saba".

Slaidi za akiba ni nini?

Ni slaidi zinazokaa baada ya ile ya mwisho, zinazofunguliwa tu swali likiulizwa: ulinganisho wa benki, orodha ya shule, mchanganuo wa utawala. Kwenye PowerPoint zifiche kwa Hide Slide. Wakati wa onyesho, andika namba ya slaidi na ubonyeze Enter, itafunguka hata ikiwa imefichwa. Andika namba hizo kwenye karatasi yako. Kitufe cha B huzima kioo kuwa cheusi wakati wa mjadala, na ukikibonyeza tena kinarudi.

Mjumbe amegundua kosa la hesabu mbele ya watu. Tufanyeje?

Usirekebishe slaidi palepale. Soma tarakimu sahihi kutoka kwenye hesabu zilizosainiwa, katibu aiandike kwenye muhtasari pamoja na namba ya slaidi, na azimio la kupokea taarifa litaje hesabu zilizosainiwa, siyo slaidi. Kama hesabu zilizosainiwa nazo zina kosa, hiyo ni kazi ya mkaguzi, na kipengele hicho kiahirishwe.

## Baada ya mkutano

Wanachama wanataka faili. Tuwatumie?

Tuma PDF, kamwe si faili la PowerPoint. Chati iliyobandikwa kutoka Excel kwa njia ya Embed hubeba kitabu kizima cha hesabu ndani yake. Anayebofya chati na kuchagua Edit Data anaweza kufungua kurasa zote, pamoja na ile ya posho za watumishi na namba za simu za wachangiaji. Wengi hawajui jambo hili mpaka siku swali kuhusu posho linapotokea kwenye kundi la WhatsApp.

Kama lazima faili lihaririwe na mwingine, bandika chati kama Picture kwanza. Ukitengeneza PDF, angalia pia kwamba slaidi zilizofichwa hazimo: kwenye dirisha la kuchapa kuna kisanduku cha Print hidden slides. Ondoa alama, kisha ulifungue faili lenyewe ulihesabu kurasa kabla ya kulituma.

Mishahara ioneshwe?

Jumla ya mishahara na posho, ndiyo, ndani ya mchanganuo wa utawala. Ya mtu mmojammoja, hapana, isipokuwa katiba au mkutano mkuu uliopita uliamua hivyo. Tatizo linakuja shirika likiwa na mtumishi mmoja tu wa kulipwa, kwa kuwa jumla ni mshahara wake. Hapo unganisha mstari huo na ada ya mkaguzi chini ya jina "Watumishi na huduma za kitaalamu", na mwambie mhusika mapema kitakachoonekana.